Maneno ya shukrani chini ya picha ya nyumba ya kwanza

Swali: "Nimenunua nyumba yangu ya kwanza baada ya kuweka akiba kwa miaka 9. Kabla sijaolewa, wazazi wangu walinikalisha kwao miaka 3 bila kodi. Dada yangu mkubwa aliniongezea fedha za malipo ya awali, na mume wangu amevumilia mengi. Nataka kuandika maneno ya shukrani chini ya picha yangu nikiwa na funguo mkononi, lakini kila nikiandika naona ama najisifu, ama naonekana nimebebwa. Niandike vipi?"

Jibu: Hofu zako mbili zina chanzo kimoja. Unaigawa miaka hiyo 9 katika mafungu mawili, fungu la akiba yako na fungu la msaada wa familia, kisha unajaribu kuyasawazisha. Ukilinenepesha fungu la kwanza, la pili linakonda, nawe unaona umejisifu; ukigeuza, unaona umebebwa. Mimi ni mhariri, na kwa miaka mingi watu wameniletea maandishi ya aina hii niyasome kabla hawajayatoa hadharani. Karibu kila anayekwama hukwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Itazame hesabu yako kwa karibu. Miaka 9 ni miezi 108. Miaka 3 uliyokaa kwa wazazi ni miezi 36, yaani theluthi kamili ya safari nzima. Katika theluthi hiyo, sehemu kubwa ya ulichokiweka akiba bila shaka ni ile kodi ambayo hukuilipa. Je, fedha hizo ni za nani? Mshahara ulikuwa wako, na mkono uliotenga fedha badala ya kuzitumia ulikuwa wako, lakini nafasi ya kutenga ilitoka kwao. Hakuna namna ya kuutenganisha mchango huo ukabaki na mafungu mawili safi, na habari njema ni kwamba hulazimiki kuutenganisha. Acha kuandika kwa mafungu, andika kwa mfuatano wa wakati: mwanzo palitokea nini, kisha nini, kisha nini. Katika mfuatano huo kila mtu ataonekana mahali alipokuwa, wewe ukiwemo, na msomaji hatapata sababu ya kupima nani alifanya zaidi.

Kwanza nikuoneshe namna maandishi haya yanavyoandikwa mara nyingi, ili uone yanapoharibika. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini hauko mbali na ninayoyapokea:

"Kwa neema na juhudi, leo ndoto imetimia! Miaka 9 ya kujinyima na kupambana hatimaye imezaa matunda. Asanteni sana familia yangu kwa sapoti yenu, bila nyinyi nisingefika hapa. Kwa wote wenye ndoto, msikate tamaa, inawezekana!"

Hakuna neno baya humu. Hata hivyo, ukiyafuta maneno "miaka 9", yanaweza kuwekwa chini ya picha ya harusi, ya mahafali au ya gari jipya bila kubadilishwa chochote. Mama yako akiyasoma hatajua kama unamshukuru kwa chumba, kwa chakula, kwa maombi, au kwa heshima tu ya kuwa mama. Neno "sapoti" limewafunika watu wanne kwa kitambaa kimoja. Nalo tamko "bila nyinyi nisingefika hapa" linasikika kama unyenyekevu, lakini linafanya kosa upande wa pili: linaifuta miaka 6 uliyoendelea kuweka akiba baada ya kuondoka kwa wazazi. Ndiyo maana ukilisoma unajiona umebebwa. Sentensi ya kwanza inakusifu kupita kiasi, ya tatu inakufuta kabisa, na hakuna hata moja kati yake inayosema kilichotokea.

Sasa lisome tena swali lako. Umeniandikia kwamba wazazi "walinikalisha" na dada "aliniongezea". Vitenzi viwili hivyo vina nguvu kuliko rasimu yote hapo juu, na umeviandika bila kujua, kwa sababu ulikuwa unanieleza jambo badala ya kutafuta maneno mazuri. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika eneo hili. Tendo moja linaweza kubeba ndani yake aliyetenda, aliyetendewa, na kwamba tendo lilifanywa kwa ajili yake: alinilipia, alinitunzia, aliniwekea, alinipunguzia. Kila kitenzi cha namna hiyo ni shukrani tayari, hata kabla hujaandika neno "asante", kwa kuwa humweka mtoaji mbele na mpokeaji pale pale pembeni yake. Linganisha na kauli ya kutendwa: nilisaidiwa, nilibebwa, niliwezeshwa. Humo mtendaji ametoweka, amebaki anayebebwa peke yake. Ukijiona umebebwa katika maandishi yako, hesabu kauli za kutendwa ulizotumia, kisha mrudishe mtendaji katika kila moja. "Nilisaidiwa na familia kupata malipo ya awali" igeuke "Dada aliniongezea malipo ya awali." Maneno yamepungua, dada ameonekana, na wewe hujadhalilika hata kidogo, kwa sababu mtu anayeongezewa ni mtu ambaye tayari ana kitu.

Jambo la pili ni kuzungumza na mtu badala ya kuzungumza juu yake. "Mama alinirudishia chumba changu" ni taarifa kwa wasomaji. "Mama, ulinirudishia chumba changu" ni shukrani ambayo wasomaji wanaisikia. Mabadiliko ni ya herufi chache, lakini pale unapomwambia mtu "wewe", majigambo hupotea yenyewe, maana ni vigumu kujitukuza mbele ya mtu unayemtazama machoni. Ushauri wangu ni kwamba sentensi za akiba yako uziandike kwa "nili-", na sentensi za kila aliyekusaidia uziandike kwa "uli-" au "mli-", ukianza na cheo chake: Baba, Mama, Dada, mume wangu.

Kuhusu cha kusema juu ya kila mtu, kuna utafiti ambao umenisaidia sana katika kazi hii. Mwaka 2016, Sara Algoe wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kuwachunguza wapenzi na wanandoa walipokuwa wakishukuriana. Walitenganisha aina mbili za kauli: zile zinazosema mpokeaji alinufaika vipi, na zile zinazotaja ubora wa tendo la mtoaji mwenyewe. Kauli zilizomsifu mtoaji ndizo zilizoambatana na mshukuriwa kujisikia amethaminiwa na kupendwa. Kusimulia manufaa peke yake hakukuwa na athari hiyo. Kwa hiyo "mlinipunguzia gharama nikaweza kuweka akiba" ni manufaa yako, tena ni kweli na inafaa kutajwa. Lakini "hamkuniuliza hata mara moja nitaondoka lini" ni sifa yao. Hiyo ya pili ndiyo ambayo mama yako ataisoma mara mbili. Kwa kila mtu, tafuta jambo moja ambalo angeweza asilifanye, akalifanya, au angeweza kulifanya, akajizuia. Moja linatosha.

Sasa upande wako. Watu wengi wakiogopa kujisifu huamua kutoitaja akiba kabisa, na mimi sikubaliani nao. Miaka 9 ni ukweli, na kuuficha ni kumnyima msomaji sehemu ya habari iliyo muhimu kuliko zote. Sauti ya kujisifu haitokani na kutaja ulichofanya. Inatokana na majina ya jumla unayokipa: kujinyima, kupambana, kujituma, jasho. Majina hayo ni hukumu, na hukumu juu yako unapaswa kumwachia msomaji. Andika tendo lenyewe. Kama ulikuwa na desturi ya kutenga fedha siku ile ile mshahara ulipoingia, sema hivyo. Kama ulikuwa na daftari, lifungue. Mteja wangu mmoja aliwahi kuniletea daftari lake la akiba nilione: kurasa zenye safu mbili, tarehe upande wa kushoto na kiasi upande wa kulia, na katikati yake miezi kadhaa iliyoandikwa sifuri kwa wino ule ule, bila maelezo. Nilimwambia kwamba sifuri zile ndizo ziingie katika maandishi yake. Anayesoma kwamba uliweka akiba miezi 108 mfululizo atashangaa, huenda asiamini. Lakini anayesoma kwamba kuna miezi iliyokuwa sifuri na ukaanza tena anayaona maisha anayoyafahamu.

Sentensi ya mwisho ya ile rasimu, ya kuwahimiza "wote wenye ndoto", iondoe. Umeshawaeleza wasomaji kwamba ulikaa miezi 36 bila kodi. Miongoni mwao wapo waliopanga chumba tangu siku ya kwanza ya kazi, na wapo wanaowalipia wazazi wao kodi. Ukiwaambia "inawezekana" mara tu baada ya kutaja nafasi ambayo wao hawakuipata, wataisikia kama lawama, hata kama moyoni mwako ulikusudia faraja. Habari yako ikisemwa kwa ukweli wake, anayetaka kujifunza kitu atajifunza.

Kabla ya kukuonesha rasimu mpya, kuna neno dogo linalohitaji uamuzi wako: "yangu" au "yetu". Katika lugha yetu mtu husema "nyumbani kwetu" hata akiwa anaishi peke yake, na hakuna anayemwuliza amemiliki na nani. Lakini maneno yaliyo chini ya picha ya funguo husomwa tofauti, kwa kuwa yanatangaza umiliki. Kama hati ina majina yenu wawili, wewe na mume wako, basi kuandika "nimenunua nyumba yangu" kutamwacha nje mtu ambaye sheria imemweka ndani, na jamaa zake watalitambua hilo haraka kuliko unavyodhani. Kama hati ina jina lako peke yako na mmeshakubaliana hivyo, "nimenunua" ni sahihi, lakini hapo napendekeza ukwepe kitenzi chenyewe na uanze na funguo, kama nitakavyofanya hapa chini. Kuhusu wazazi na dada, jihadhari na tamko kama "hii ni nyumba yetu sote". Ni tamu kulisema katika siku ya furaha, lakini likija gomvi la mali baada ya miaka, mtu anaweza kulishika na kudai kwamba uliahidi hadharani. Unaweza kuwafungulia mlango bila kuwagawia hati: "mlango huu ni wenu pia" inatosha, na kila mtu anaelewa maana yake.

Hii hapa rasimu. Chumba na wazazi kutokukuuliza, daftari na miezi yake ya sifuri, ukaguzi wa dada na unyevu aliouona, na jambo la mume wako nimevibuni, ili tu uone ukubwa wa jambo linalofaa kutajwa. Weka ya kwako mahali pake.

"Funguo hizi zimechukua miaka 9. Miaka 3 ya mwanzo wazazi wangu walinikalisha kwao bila kodi.

Baba, Mama, mlinirudishia chumba changu nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, na hamkuniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Kodi ambayo sikuilipa kwa miezi 36 ndiyo iliyoianzisha akiba hii.

Nilipoondoka kwenu niliendelea nayo. Kila mshahara ulipoingia nilitenga kwanza, nikaandika katika daftari. Daftari lina miezi minne ya sifuri, na kila baada ya sifuri kuna mwezi nilioanza tena.

Mume wangu, ulikubali tukae mwaka mmoja zaidi katika chumba kimoja ili tusiiguse. Ulikuwa na haki ya kukataa.

Dada, malipo ya awali yalipopungua uliniongezea, na ulikuja mara mbili kuikagua nyumba kabla sijasaini chochote. Wewe ndiye uliyeuona unyevu ukutani, nyuma ya kabati.

Mkopo wa benki bado upo. Mlango huu ni wenu pia. Asanteni."

Tazama mambo machache ndani yake. Neno "asanteni" limekuja mara moja tu, mwisho, kwa kuwa kazi ya kushukuru imeshafanywa na vitenzi. Kila mtu ana aya yake, kwa hiyo hakuna aliyewekwa katika orodha akisubiri zamu, na mpangilio ni wa wakati, si wa cheo wala wa kiasi. Hilo la mwisho lina faida usiyoitarajia: dada hawezi kuuliza kwa nini ametajwa baada ya mume wako, kwa sababu jibu liko wazi, alikuja mwishoni. Unyevu nyuma ya kabati umeingia makusudi. Ni jambo dogo ambalo ni dada huyo peke yake angeweza kulifanya siku ile, na ndilo linalofanya aya yake isiweze kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Sentensi kuhusu mkopo wa benki nimeiweka kwa dhana kwamba ulikopa, maana umetaja malipo ya awali. Inawazuia watu kudhani kwamba umemaliza kulipa, na inakuokoa na simu za wale ambao wangehesabu kwamba sasa una fedha za ziada. Ukiona ni siri yako na mume wako, ifute; maandishi hayatapungukiwa.

Kama unapenda kuanza kwa kumshukuru Mungu, fanya hivyo katika sentensi yake yenyewe. Usimtaje pamoja na wazazi, mume na dada katika mkumbo mmoja, kwani wote watapungua uzito.

Sentensi mbili za mwanzo nimezipima. Instagram inaruhusu maelezo ya picha yenye hadi herufi 2,200, nafasi na alama zikihesabiwa, lakini msomaji anayepitisha picha kwa kidole huoneshwa takribani herufi 125 za kwanza tu, na zilizobaki hufichwa mpaka aguse. Sentensi zako mbili zina herufi 92, kwa hiyo miaka 9 na wazazi wako wanaonekana wote kabla ya maandishi kukatwa. Irudie ile rasimu ya kwanza uihesabu: herufi 125 zinaishia mara tu baada ya neno "familia", na yaliyotangulia yote ni neema, ndoto na matunda. Wengi hawagusi. Kwa hao, familia yako ingekuwa neno moja tu, bila kujulikana inashukuriwa kwa nini.

Kuna mambo mawili yanayopaswa kufanyika kabla hujachapisha, na hapa naomba usiharakishe.

La kwanza ni dada yako. Neno "aliniongezea" halisemi kama fedha zile zilikuwa zawadi au mkopo, na wewe unajua jibu, mimi silijui. Kama ulichukua mkopo wa nyumba, inawezekana benki ilitaka barua iliyosainiwa na dada, ikisema kwamba fedha ni zawadi isiyorudishwa. Wakopeshaji katika nchi nyingi hufanya hivyo, kwa sababu deni la pembeni hupunguza uwezo wako wa kulipa deni lao. Ikiwa barua hiyo ipo, basi usiandike "Dada, nitakurudishia kila senti" hata kwa mapenzi tu, kwa kuwa utakuwa umeandika hadharani kinyume cha karatasi iliyosainiwa. Na ikiwa kweli ni mkopo kati yenu wawili, tarehe za kulipa na kiasi ni vya kuandikiana kwenye karatasi, havina nafasi chini ya picha.

Lakini hata fedha zikiwa zawadi safi, mpigie simu kwanza. Huenda hakumwambia mumewe kiasi alichokupa. Huenda ana ndugu mwingine aliyemwomba fedha mwaka ule ule akamwambia hana. Mtu anayetangazwa kuwa alitoa fedha hubaki na kazi ya kuwaeleza wengine kwa nini hakuwapa wao. Msomee aya yake kama ilivyo, neno kwa neno, usimwulize tu "nikutaje?", kwa sababu kwa swali hilo atasema ndiyo bila kujua utasema nini. Akisita, toa sentensi ya fedha na uache ile ya kukagua nyumba. Aya itakuwa hivi: "Dada, ulikuja mara mbili kuikagua nyumba kabla sijasaini chochote. Wewe ndiye uliyeuona unyevu ukutani, nyuma ya kabati." Imebaki kweli, imebaki yake, na siri yake imehifadhiwa.

Inawezekana unaona haya kumsomea mtu sifa zake kwa simu. Mwaka 2018, Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha utafiti wa watu walioombwa kuandika barua za shukrani kwa waliowatendea wema. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu zaidi kuliko walivyoona kweli, na walikisia furaha yao kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Barua zile, hata hivyo, zilikwenda kwa mtu mmoja mmoja, hazikusomwa mbele ya umati, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize simu. Furaha ya kushukuriwa dada yako ataipata kwenye simu. Hadhara inaweza kumwongezea kitu au kumpunguzia, na uamuzi huo ni wake.

La pili ni wakati wa kuchapisha, pamoja na picha yenyewe. Kati ya siku ya kukubaliana bei na siku umiliki unapohamishwa rasmi kuna kipindi ambacho mauzo yanaweza kuvunjika: muuzaji anageuka, hati inakutwa na kasoro, benki inachelewa. Niliwahi kumhariria mtu shukrani nzuri mno, akazichapisha siku aliyosaini makubaliano ya awali. Mauzo yalivunjika baadaye, naye alitumia wiki nyingi kuwajibu watu waliokuwa wakiuliza lini atawaalika. Isitoshe, tangazo la mapema huwaambia matapeli kwamba kuna malipo makubwa yanakaribia kufanyika. Wapo wanaojifanya mwanasheria au wakala na kukutumia namba mpya ya akaunti ya kulipia. Subiri umiliki uhamishwe kwa jina lako na funguo ziwe mikononi kweli.

Na hizo funguo, usizipige picha zikiwa bapa mbele ya kamera, meno yakiwa wazi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza programu iliyosoma urefu wa meno ya ufunguo kutoka kwenye picha, na ikatosha kuchonga ufunguo mwingine unaofungua kufuli. Zikunje ndani ya kiganja, kionekane kishikizo tu, au upige picha mkono wa mama yako ukizipokea kutoka kwako. Binafsi naipenda hiyo ya pili kuliko ile ya wewe umezinyanyua juu, kwa kuwa picha itakuwa inasema yale yale ambayo maneno yanasema. Hakikisha namba ya nyumba haionekani nyuma yako, na usiweke alama ya mahali.

Kisha yasome maandishi yote kwa sauti mara moja, taratibu, mume wako akiwa chumbani. Utakapofika kwenye aya yake, usiitazame karatasi, mtazame yeye. Kama kuna neno utakaloshindwa kulitamka mbele yake bila kuona kwamba umelipamba, hilo libadilishe. Na kama baba yako si mtu wa mitandao, muandikie aya yake na ya mama kwa mkono katika karatasi, umpelekee siku ile ile kabla picha haijatoka, ili asije akaambiwa na jirani kwamba binti yake amemshukuru.